Mixa yako inatoa zege kiasi gani kweli: kuhesabu bachi za siku nzima kabla hujamwaga slabu

Hesabu inayofanywa na wengi kabla ya siku ya kumwaga iko hivi: mixa ni ya lita 350, slabu inataka kama kyubiki mita 14 za zege, unagawanya 14 kwa 0.35 inatoka bachi 40, bachi moja dakika tano, basi masaa matatu na kitu tumemaliza, saa sita mchana watu wanakula. Ikifika siku yenyewe saa sita mchana hawajafika hata nusu, jua liko utosini, ukingo wa zege ya asubuhi umeanza kukaza na vibarua wamechoka. Slabu nitakayoihesabu hapa chini ni ya ukubwa huohuo na mixa ni hiyohiyo, ila bachi zake ni 116, si 40. Karibu mara tatu. Nataka tuone tofauti hiyo inatokea wapi, maana ukishaijua unaweza kukaa na karatasi jioni moja ukajua kesho kutwa utamaliza saa ngapi na unahitaji mixa ngapi.

Ninaposema bachi namaanisha ngoma imejazwa, imezungushwa, imemwagwa. Mara moja hiyo.

Slabu tutakayotumia ni ya ghorofa, urefu mita 10, upana mita 8, unene sentimita 15. Chini yake kuna bimu tatu zinazokwenda na ule urefu wa mita 10, kila moja ina upana wa sentimita 20 na inashuka sentimita 30 chini ya slabu. Mchoro umesema 1:1.5:3, yaani simenti moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, kwa ujazo. Mifuko ni ya kilo 50. Wewe wako mchoro unaweza kusema ratio nyingine, basi fuata mchoro wako, njia ya kuhesabu haibadiliki.

Hatua ya 1: soma kibao cha mixa vizuri

Mixa nyingi zina namba mbili zimeandikwa pamoja, mfano 350/250. Ile kubwa ni lita za vitu vikavu unavyoweza kuingiza, simenti na mchanga na kokoto kabla havijachanganyika. Ile ndogo ni lita za zege mbichi inayotoka. Muuzaji au mwenye kukodisha atakutajia ile kubwa kwa sababu inasikika vizuri, na hapo ndipo hesabu ya kwanza inaharibika. Kuna mixa nyingine ambazo zinaitwa kwa ile namba ndogo, ya kutoa, mfano ile ya 560/350 watu wanaiita ya 350 pia, kwa hiyo ukiambiwa tu "ni ya mia tatu na hamsini" bado hujaambiwa kitu. Uliza: mia tatu na hamsini ya kuingia au ya kutoka?

Kwa nini inapungua? Kokoto zikikaa kwenye boksi katikati yake kuna nafasi nyingi tupu. Mchanga unaingia kwenye nafasi hizo, simenti na maji vinaingia kwenye nafasi za mchanga. Ukiweka lita 35 za simenti, 52.5 za mchanga na 105 za kokoto umeweka jumla lita 192.5 kavu, lakini ukizungusha na maji unapata kama lita 125 tu za zege. Hakuna aliyekuibia, nafasi tupu ndiyo imejaa. Kwa makadirio ya saiti gawanya ujazo mkavu kwa 1.54, utakuwa karibu sana na ukweli.

Angalia na ngoma yenyewe pia. Ngoma ambayo haijaoshwa vizuri kwa miezi ina ganda la zege kavu kule nyuma na kwenye mapanga, na ganda hilo linakula nafasi halafu linafanya mapanga yasigeuze vizuri. Mixa ikikaa imeinama nayo inamwaga mapema kabla haijafika uwezo wake, weka mbao chini ya magurudumu ikae sawa.

Hatua ya 2: mfuko ndio unaoamua, si ngoma

Hii ndiyo sehemu ambayo naona inarukwa zaidi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote.

Simenti inakuja kwenye mfuko wa kilo 50, na mfuko mmoja ni kama lita 35. Bachi nzuri ni ya mfuko mzima. Ukianza kupasua mfuko nusu na kukisia kwa macho, bachi moja itakuwa na simenti kilo 22 na nyingine 29, na hamna atakayejua ipi imekwenda kwenye bimu. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: ngoma hii inabeba mifuko mingapi mizima kwa ratio yangu?

Kwa 1:1.5:3 mfuko mmoja unaleta lita 192.5 kavu. Ngoma ya 350/250 inabeba 350 kavu. Mfuko mmoja unaingia bila shida, mifuko miwili ni 385, haiingii. Basi mixa hiyo kwako ni ya mfuko mmoja, inatoa lita 125 kwa bachi, hata kama kibao kinasema 250. Nusu ya uwezo wake hutumii, na ndivyo ilivyo.

Ngoma ya 560/350: mifuko miwili ni 385 inaingia, mitatu ni 577.5, imezidi. Basi ni ya mifuko miwili, inatoa lita 250.

Sasa hapo kwenye 385 dhidi ya 350 ndipo mtu atakwambia "tofauti ni ndogo, tupa tu miwili itazunguka". Itazunguka kweli, ila angalia mdomo wa ngoma: maji ya simenti yanaruka nje kila mzunguko, na maji hayo ndiyo yenye simenti yako. Mota inaguna, mkanda unateleza unanuka mpira. Ukimwaga, zege ya mwanzo inatoka na kokoto kavu ambazo hazijapakwa simenti, ya mwisho inatoka kama uji. Ukiona toroli la kwanza na la tatu la bachi moja halifanani rangi, ngoma imezidishiwa au imezungushwa muda mfupi, hamna sababu ya tatu ya kutafuta kabla hujaondoa hizo mbili.

Kupima mchanga na kokoto tengeneza boksi la mbao lisilo na chini wala juu, ndani sentimita 35 kwa 35 na kina sentimita 28.6. Hilo ni lita 35 barabara, sawa na mfuko mmoja. Tengeneza na lingine la nusu, kina sentimita 14.3, kwa ajili ya ile "na nusu" ya mchanga. Boksi moja la mchanga ni zaidi ya kilo 50 kwa hiyo hulibebi kwenda nalo kwenye mixa, unaliweka juu ya toroli au juu ya sahani ya bati, unajaza, unakwangua juu kwa ubao, unalinyanyua, mzigo unabaki. Kupima kwa beleshi sikubaliani nako kabisa. Beleshi la saa moja asubuhi na beleshi la saa nane mchana ni vitu viwili tofauti.

Hatua ya 3: kyubiki za slabu zigeuze ziwe mifuko

Slabu: 10 × 8 × 0.15 = 12 m³.
Bimu: 3 × 10 × 0.20 × 0.30 = 1.8 m³.
Jumla 13.8 m³. Ongeza asilimia 5 ya kumwagika, ya fomu kubonyea kidogo, ya inayobaki kwenye matoroli, unapata kama 14.5 m³.

Bachi ya mfuko mmoja ni 0.125 m³, maana yake kyubiki moja ni mifuko 8. Kwa hiyo 14.5 × 8 = mifuko 116.

Kwa mixa ndogo ya mfuko mmoja: bachi 116. Kwa kubwa ya mifuko miwili: bachi 58. Mchanga ni 116 × 52.5, kama kyubiki 6.1, na kokoto 116 × 105, kama kyubiki 12.2, leta zaidi ya hapo kwa sababu ya chini ya lundo huwa inachanganyika na udongo na hiyo usiitumie. Maji ya kuchanganyia ukichukulia lita 25 kwa mfuko ni lita 2,900 na bado hujaosha ngoma wala hujamwagilia, kwa hiyo pipa mbili tatu hazitoshi, panga tenki.

Neno moja kuhusu mchanga kabla hatujaendelea, maana unabadilisha idadi ya bachi kimyakimya. Mchanga wenye unyevu kidogo unavimba. Chembe zinashikwa na maji zinakaa mbalimbali, boksi linaonekana limejaa kumbe mchanga wenyewe ni pungufu. Pima hivi: jaza ndoo yenye kuta zilizonyooka kwa mchanga ulivyo, usishindilie, pima kina, tuseme sentimita 24. Umwage pembeni, weka maji nusu ndoo, urudishe mchanga taratibu huku unakoroga, uache utulie, pima tena kina cha mchanga. Ukikuta 20 ujue umevimba asilimia 20. Hapo badala ya boksi moja na nusu unatakiwa uweke 1.8. Usiporekebisha, kila bachi inakosa kama lita 5 za zege, na kwa bachi 116 hiyo ni zaidi ya nusu kyubiki, yaani utahitaji kama bachi tano ambazo hukuzipanga na mifuko mitano ambayo hukuileta. Halafu maji yaliyo ndani ya mchanga yanahesabika: mchanga wa bachi moja ni kama kilo 79, ukiwa na unyevu wa asilimia 5 umeshaingiza karibu lita 4, basi kwenye zile 25 weka 21.

Hatua ya 4: bachi ngapi kwa saa, kwa saa ya mkononi si kwa mdomo

Chukua simu, weka saa ya kuhesabu. Anza pale simenti inapoingia kwenye ngoma, simamisha pale simenti ya bachi inayofuata inapoingia. Huo ndio mzunguko mzima. Usipime bachi ya kwanza wala ya pili, watu bado wanatafuta nafasi zao, na usipime moja tu ambayo imekwenda vizuri. Pima tano mfululizo utafute wastani. Kama una kazi ndogo kabla ya slabu, mfano kumwaga nguzo au ngazi, pima hapo kwa gengi hilohilo na mixa hiyohiyo.

Kwa mixa ya mfuko mmoja inayojazwa kwa mikono, mzunguko mzuri unakuwa kama huu. Kujaza dakika moja na nusu, kuzungusha dakika mbili tangu vyote viishe kuingia, kumwaga sekunde 45, kurudisha ngoma na kusubiri toroli linalochelewa sekunde 45 nyingine. Jumla dakika tano.

Dakika tano ni bachi 12 kwa saa kwenye karatasi. Kwenye saiti haziji 12. Kuna mtu anakwenda kunywa maji, mafuta ya injini yanaongezwa, mbao ya njia ya toroli imehama, fundi juu anasema subirini vaibreta imekwama kwenye nondo. Hesabu saa moja kuwa na dakika 50 za kazi. 50 gawanya kwa 5 unapata bachi 10 kwa saa, na 10 × 0.125 ni kyubiki 1.25 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ya kuandika.

Na dakika tano hizo zina sharti: wakati ngoma inazunguka, mchanga na kokoto za bachi inayofuata ziwe zimeshapimwa ziko kwenye matoroli yamepanga mstari. Ngoma ikimaliza kumwaga, vitu vinaingia mfululizo. Kama watu wanasubiri ngoma itupu ndiyo waanze kujaza boksi, kujaza kunakuwa dakika tatu, mzunguko unakuwa dakika sita na nusu, bachi kwa saa zinashuka mpaka saba na kitu, na zile 116 zinakuwa kazi ya masaa 15. Mashine ni ileile. Kwa hiyo ukitaka kuongeza kasi ongeza matoroli mawili na boksi moja la ziada, usiguse muda wa kuzungusha.

Nasisitiza hapo kwa sababu pale ndipo muda unapoibwa. Ukikata dakika moja ya kuzungusha mzunguko unakuwa dakika nne na unapata bachi 12 na nusu kwa saa badala ya 10, inavutia, lakini zege inayotoka ina mistari, sehemu ya kijivu nzito sehemu ya mchanga mtupu, na ukiitia mkononi kuna kokoto zinatoka kavu upande mmoja. Zege hiyo ukiipeleka kwenye bimu hakuna vaibreta itakayoirekebisha.

Kuingiza: weka maji kiasi na kokoto kwanza, yanaosha mabaki ya bachi iliyopita, halafu mchanga na simenti, halafu maji yaliyobaki. Simenti ikitangulia kwenye ngoma yenye ukuta wa maji inaganda nyuma kama keki na hutaiona mpaka jioni. Bachi ya kwanza ya siku ongeza simenti na mchanga kidogo au punguza kokoto, kwa sababu ngoma safi inakula majimaji ya simenti kwa kujipaka, ikitoka inakuwa kokoto tupu.

Mixa ya mifuko miwili je? Wengi wanafikiri itakwenda mara mbili. Haiendi, kwa sababu mzigo wa kujaza nao umekuwa mara mbili na mikono ni ileile. Kujaza dakika mbili na robo, kuzungusha mbili, kumwaga moja na robo, kurudisha nusu dakika: dakika sita. 50 gawanya kwa 6 ni nane na kidogo, andika 8. Bachi 8 za lita 250 ni kyubiki 2 kwa saa. Imeongeza, lakini kutoka 1.25 hadi 2, si hadi 2.5.

Hatua ya 5: linganisha na siku

Sasa weka kwenye karatasi moja.

Mixa ndogo moja: 116 ÷ 10 = masaa 11.6.
Mixa kubwa moja: 58 ÷ 8 = masaa 7.25.
Mixa ndogo mbili: 116 ÷ 20 = masaa 5.8.

Mixa ndogo moja maana yake unaanza saa 12 asubuhi na bachi ya mwisho inatoka saa 12 jioni kasoro, bila mtu kula, na bado kuna kupiga rula na kulainisha gizani. Kwa slabu hii mimi ningeikataa. Hata kama watu wako ni wazuri, hamna nafasi ya kitu kuharibika.

Kati ya kubwa moja na ndogo mbili ningechukua ndogo mbili kama vibarua wanatosha, na sababu si kasi tu. Tuseme mmeanza saa 2 asubuhi, saa 5 mmeshamwaga bachi 60, moja inakata mkanda. Zimebaki 56, iliyobaki inatoa 10 kwa saa, ni masaa matano na nusu na kidogo, mnamaliza kama saa 10 na nusu jioni. Imechelewa lakini mnamaliza bado kweupe. Mixa kubwa ikifa saa 5 mmesimama na ukingo wa zege unakauka katikati ya slabu. Vibarua wakiwa hawatoshi gengi mbili, basi kubwa moja, na mkanda wa akiba mkononi.

Lakini kabla hujashangilia masaa 5.8 angalia njia ya kupandisha juu. Lita 125 ni matoroli matatu yasiyojaa sana, ya lita 40 hivi, ambayo tayari ni karibu kilo 100 kila moja. Mixa mbili zinatoa bachi 20 kwa saa, hayo ni matoroli 60, toroli moja kila dakika linatakiwa lifike juu na kurudi. Kama winchi yako inachukua dakika moja na nusu kwenda na kurudi, inabeba matoroli 40 tu kwa saa, ambayo ni bachi 13. Hapo mixa ya pili inasubiri, na 116 ÷ 13 ni karibu masaa tisa. Ukiona zege imekaa kwenye ngoma inazunguka tu dakika nyingi bila wa kuipokea, usikodi mixa nyingine, ongeza mlolongo wa karai au njia ya pili. Anayeamua kasi ni yule wa polepole kuliko wote, awe mixa, winchi au fundi mwenye vaibreta.

Kitu kingine cha kulinganisha ni ukingo. Zege ya leo inatakiwa ikutane na zege mbichi mwenzake kabla haijaanza kukaza, na kwenye jua kali mimi nahesabu saa moja ndiyo mwisho wa kuwa na amani. Slabu yetu ukiimwaga kwa vipande vya upana wa mita 1 kuvuka mita 8, kila kipande ni slabu kyubiki 1.2 na bimu 0.18, jumla 1.38, ambayo ni bachi 11. Kwa mixa mbili kipande kinakwisha dakika 33, ukirudi pale ulipoanzia bado pako laini. Kwa mixa moja ndogo ni dakika 66, umeshavuka. Ukilazimika kubaki na mixa moja, punguza kipande kiwe nusu mita, unarudi pale mwanzo baada ya dakika 33 vilevile. Bimu zimwagwe pamoja na kipande chake. Kujaza bimu zote asubuhi halafu kurudi na slabu baadaye kunatengeneza mstari wa udhaifu palepale ambapo slabu na bimu vinatakiwa kuwa kitu kimoja.

Na kama hesabu inagoma kabisa kuingia kwenye siku moja, usiingie kazini ukitegemea bahati. Muulize injinia mapema akuonyeshe pa kusimama, afunge ubao wima pale, nondo zipite. Kusimama pale giza lilipowakutia, na ukingo umelala mteremko, si sawa.

Hatua ya 6: siku yenyewe, hesabu mifuko mitupu

Mtu mmoja kazi yake iwe kuhesabu, na asiandike "bachi" kwa kukumbuka. Mifuko mitupu isitupwe, ifungwe kumi kumi na kuwekwa sehemu moja. Kila fungu ni bachi 10 za mixa ndogo. Jioni hakuna ubishi.

Halafu linganisha mifuko na hatua mlizokwenda. Kwa slabu hii kila bachi 11 zinatakiwa zisogeze kazi mita 1. Chora alama kila mita pembeni ya fomu kabla ya kuanza. Mmemaliza mifuko 33 na hamjafika alama ya mita 3? Msogeo mdogo una sababu tatu za kawaida: slabu inamwagwa nene, bachi zinatoa pungufu, au zege inavuja mahali. Chomeka chuma chenye alama ya sentimita 15 sehemu nne tano. Ukikuta 17 umepata jibu, sentimita 2 kwa slabu hii yote ni kyubiki 1.6, bachi 13 nzima. Unene ukiwa sawa nenda kwenye boksi la mchanga, rudia kile kipimo cha ndoo, maana lundo lililonyeshewa jana au lililokauka juani saa nne si lile ulilolipima asubuhi. Vyote vikiwa sawa pita chini ya fomu uangalie maungio.

Mkienda haraka kuliko alama nako kuna shida, usifurahie. Mara nyingi slabu inakuwa nyembamba, au kuna mtu anaongeza maji zege inakuwa nyingi kwa macho. Ukiona zege inakimbia yenyewe kwenye toroli na maji yanasimama juu, rudi kwenye ndoo ya maji uweke alama ya lita na asiyehusika asiiguse.

Mkibakiza mita moja na nusu, simamisha hesabu ya jana na upime upya kilichobaki. Tuseme mbele yenu kuna mita 1.3 kwa 8, unene 0.15, hiyo ni 1.56, na bimu tatu za mita 1.3 ni 0.23, jumla 1.79 m³. Gawanya kwa 0.125, ni bachi 14 na kidogo, kwa hiyo 15. Waambie wa kwenye mixa "kumi na tano zimebaki" na waipime mifuko 15 pembeni, iliyobaki ifunikwe. Bachi ya 13 ikishamwagwa pima tena shimo lililobaki kwa futi kamba kabla ya kufungua mfuko wa 14, kwa sababu bachi ya ziada ambayo haina pa kwenda ni mfuko mzima na ni saa ya kuosha ngoma imechelewa, na ngoma inatakiwa izungushwe na maji na kokoto kidogo mara tu bachi ya mwisho inapotoka, kabla watu hawajaenda kunawa.